Ombi la kulipiwa kozi ya forodha

Shikamoo bosi, samahani kwa kukusumbua jioni hii. Naomba ofisi inisaidie ada ya kozi ya forodha na uwakala wa mizigo pale Chuo cha Kodi, ile ya cheti cha Afrika Mashariki.

Bosi unalikumbuka lile kontena la spea mwezi wa pili, mimi breki pedi nilizisoma kama lining tupu nikaziweka 6813 kumbe zimeshafungwa kwenye bati zake zinaenda 8708.30, tukakaa siku tisa tunarekebisha huku stoji inasoma, na mteja akatuwashia moto (alikuwa na haki kwa kweli). Sasa nikisoma vizuri kuklasifai na kuthaminisha mzigo, hizo gharama zinabaki ofisini, na nitawaelekeza na wale vijana wawili wa dokumentesheni.

Madarasa nitachagua ya jioni ili bandarini nisikosekane. Kama ada yote ni nzito kwa sasa, hata nusu nashukuru, nusu nyingine mnikate kwenye mshahara kidogokidogo, na niko tayari kusaini kubaki miaka miwili. Kesho saa nne naweza kupita ofisini kwako na fomu?