Barua kwa Mwalimu Wangu wa Hesabu

Shikamoo Mwalimu,

Najua umefundisha watoto wengi, kwa hiyo sitegemei unikumbuke kwa jina. Mimi ni yule wa dawati la nyuma, kidato cha pili, niliyeandika "mita 9" na kuacha ukurasa uliobaki mweupe.

Siku hiyo ulitutoa nje tukapime urefu wa mlingoti wa bendera bila kuupanda. Wenzangu walirudi na mistari na mistari ya hesabu. Mimi nilirudi na jibu tu, nikakaa nikisubiri kuambiwa nimenakili. Nilikwisha zoea, mwaka uliotangulia nilichapwa kwa kosa la kupata. Ukasimama kando yangu, ukauliza, "Umelipataje?" Na ulitaka kujua kweli.

Nikakuonyesha kijiti changu cha mita moja. Kivuli chake sentimita 80, kivuli cha mlingoti mita 7.2, yaani vivuli tisa vya kijiti. Ulicheka, ukaniita ubaoni, ukachora pembetatu mbili, ndogo na kubwa. Jua ni lilelile, ukasema, basi pembe ni zilezile na pande zina uwiano mmoja. Mara ya kwanza nikaona kwamba kile nilichokuwa nikikifanya kichwani kina jina, na kwamba kuna watu wanaoishi nacho.

(Alama moja ulinikata kwa kutoonyesha njia. Hadi leo inaniuma.)

Wiki ile ile ukamwita baba, ambaye alikwisha amua niache shule nikamsaidie kazi. Niliketi nje ya ofisi, nikasikia sauti tu, maneno sikuyapata. Alitoka kimya. Tulipofika nyumbani ndipo akasema, "Mwalimu wako anasema utasoma. Basi soma." Sikuwahi kumuuliza ulimwambia nini, na sasa hayupo wa kuulizwa. Ukiandika kunijibu, niambie hilo.

Leo ni mpima ardhi, mwaka wa 14 sasa. Mashine ninayobeba inapima pembe, na umbali hadi milimita, ila ndani yake bado ni pembetatu zako. Mwezi uliopita kijana ninayemfundisha kazi aliniletea jibu sahihi bila njia. Ulimi ulikuwa tayari kumkaripia, nikajizuia: "Umelipataje?" Kumbe yeye kweli alikuwa amenakili! Tulicheka wote wawili, kisha nikampa kijiti, tukatoka juani.

Jambo moja la kukiri. Mwaka jana nilipita shuleni na mashine yangu, nikaomba ruhusa, nikaupima mlingoti ule ule. Ni mita 8.94. Kijiti kilinidanganya sentimita sita.

Naomba alama zangu zisiguswe.

Mwanafunzi wako,
wa dawati la nyuma