Mwongozo wa Mwonekano wa Jiko la Loleza
Toleo la kwanza, Mbeya

Mwongozo huu ni wa wafanyakazi wetu wa Mbeya na timu mpya ya Iringa, pamoja na kila fundi anayetuchapia bango, fulana au kadi ya menyu. Tulipokuwa na jiko moja pale Soweto, mtu mmoja alishika kila kitu na hatukuuhitaji. Sasa magari mawili yanaweza kwenda harusi mbili siku moja. Mwaka jana tulipanga aproni, bango na gari uwanjani, tukakuta kijani cha aina tatu. Mgeni aliyekula pilau yetu Tukuyu atutambue akituona tena Mafinga.

Nembo

Nembo ni chungu ambacho mfuniko wake umechorwa kwa umbo la kilele cha Loleza, kama kinavyoonekana ukiwa mjini, na jina letu liko kulia kwake. Usiuchore mlima upya, usiuongezee mvuke, usiuvute upande mmoja ili ujaze nafasi. Bango likiwa refu na jembamba, tumia nembo ya kusimama, yenye jina chini ya chungu.

Pande zote nne acha nafasi tupu sawa na urefu wa herufi J ya kwenye jina. J ikiwa na sentimita 4 kwenye bango, basi namba ya simu, picha ya sahani au ukingo wa kitambaa visisogee ndani ya sentimita 4. Kwenye mabango ya hema, pima kuanzia mstari wa kushonea. Ukianzia ukingo wa kitambaa, pindo litakula nafasi yote.

Kwenye karatasi nembo kamili isipungue upana wa milimita 25, na kwenye skrini pikseli 120. Kwa kudarizi, isipungue milimita 70, maana uzi hauwezi kufuata herufi ndogo. Chini ya hapo weka chungu peke yake, kama kwenye vibandiko vya hotpoti na picha ya wasifu ya WhatsApp.

Rangi

Kijani cha chai, kutokana na mashamba ya Rungwe, ndiyo rangi yetu kuu:

```
Kijani cha chai    #1F4D2B   C60 M0 Y44 K70
Udongo mwekundu    #C4512A   C0 M59 Y79 K23
Wali               #FBF6E9   C0 M2 Y7 K2
```

Maandishi ya kijani juu ya rangi ya wali yana utofauti wa 9 kwa 1, hivyo hata bibi aliyekaa meza ya nyuma jioni ataisoma menyu. Udongo mwekundu juu ya wali unafika 4.3 tu, chini kidogo ya 4.5 inayotakiwa kwa maandishi madogo. Utumie kwa vichwa vikubwa na mistari. Bei zisiandikwe kwa rangi hiyo. Usiweke udongo juu ya kijani kamwe: utofauti ni 2 tu, maneno yanazama.

Misibani sheria inabadilika, na hapa hatuna mjadala. Hatutundiki bango, hatuegeshi gari lenye nembo mbele ya nyumba, hatugawi kadi. Aproni ni za kijani bila maandishi, na chungu kidogo kifuani kinatosha. Watu wamekuja kuzika, na sisi tumekuja kuwapikia. Atakayetaka namba yetu atamuuliza msimamizi pembeni.

Fonti

Vichwa vyote ni Poppins SemiBold, maelezo ni Noto Sans Regular. Zote ni za bure, hata kwa biashara, kwa hiyo fundi asiwe na sababu ya kubadilisha. Maelezo ya menyu yasipungue pointi 11.

Majina ya vyakula yasiandikwe kwa herufi kubwa tupu. “Ndizi kwa nyama ya ng’ombe” inasomeka kwa jicho moja. Ikiandikwa yote kwa herufi kubwa, msomaji anasimama njiani. Alama ya ng’ iwe ’ yenye mkia unaoshuka, si ‘ wala `. Programu nyingi hukosea hapo, kwa hiyo kagua kila mara. Bei iandikwe hivi: Sh 12,000 kwa sahani.

Picha

Piga chakula chetu chenyewe, kwa mwanga wa dirishani, kikiwa bado moto. Picha za kuokota mtandaoni haziruhusiwi. Mteja akionyeshwa wali ambao hatukuupika, tumemdanganya kabla hajaonja.

Mafaili na uchapaji

Kwa kuchapa tuma `loleza-nembo.pdf`, kwa skrini `loleza-nembo.png`. Usimtumie fundi picha uliyopiga kwenye bango la zamani. Kazi ikizidi nakala 50, omba nakala moja ya majaribio, itoe nje juani, iweke kando ya kipande cha kitambaa cha rangi zetu kilichopo ofisini Mbeya. Iringa nao wana chao. Rangi zikikubaliana, msimamizi wa kituo anasaini nyuma ya nakala hiyo ndipo kazi inaendelea.