Karibu Msikitini

Mgeni wetu, karibu sana. Umefika nyumba ya ibada, nasi tumefurahi kukuona.

Tunakuomba uvae nguo ya stara, isiyobana wala kuonyesha mwili, inayofunika mabega na magoti. Kina mama na kina dada, tafadhali jifunikeni nywele. Kama hukujiandaa, usirudi nyumbani: kwenye kabati kando ya mlango kuna mitandio, majuba na vikoi vilivyofuliwa. Chukua bila malipo, urudishe ukitoka.

Viatu viache hapa nje. Ndani watu husujudu, paji la uso likigusa zulia, ndiyo maana tunalitunza.

Una swali? Muulize mhudumu aliye mlangoni, atakusaidia kwa moyo mkunjufu.