Jibu la posa kwa Baba Zuwena

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh baba. Shikamoo. Nataraji nyote hamjambo hapo nyumbani, na mama mguu wake inshaallah ushapata nafuu. Huku Fuoni sie wazima alhamdulillah.

Baba mie Khamis. Najua utaratibu ni kuwa maneno haya yapite kwa Ami na yeye ndo atakaekuja, lakini nimemuomba ruhusa nikuandikie mwenyewe kwanza na kanikubalia, kwa sababu jambo lenyewe ni langu na sitaki lifike kwako limeshapunguzwa wala kuongezwa njiani.

Kwanza nashukuru sana. Ami karudi siku ile anahadithia mpaka usiku, jinsi mlivyompokea na mama alivyokataa asiondoke mpaka ale, na kubwa zaidi kuwa posa imekubaliwa. Mtu kukwambia chukua mwanangu si jambo dogo baba, na mie nalijua hilo kwa sababu nna dada watatu nyumbani Wete na namuona mzee wangu anavyowatazama.

Karatasi ya mliyoyataka nimeisoma nikairudia. Mahari milioni 4, seti ya dhahabu, kitanda kabati dresing tebo sofa friji na tivi, begi, mkaja wa mama, kilemba cha mjomba, na ukumbi na chakula. Nimekaa na Ami tukapiga hesabu kila kitu kwa bei ya sasa ikaja milioni 14 na laki mbili. Sijaona humo kitu ambacho Zuwena hastahiki, wallahi, na sisemi kama mmetaka kikubwa. Nnachosema ni kuwa uwezo wangu haujafika hapo, na bora nikwambie leo kuliko niitikie ndio halafu ikifika wiki ya harusi watu wanatazamana.

Hali yangu iko hivi baba. Mie fundi wa friji na eisii, nafanya hoteli ya Paje na mshahara wangu ni laki 4 na themanini, na ikifika masika Aprili na Mei wageni wanapungua na kazi inapungua nayo, siku hizo naishi kwa vibarua vya majumbani. Nilichonacho mkononi sasa ni milioni 5 na laki nne, na mpaka Mfunguo Tatu tuliopanga nitafikisha milioni 6 na laki tatu inshaallah. Kodi ya nyumba hapa Fuoni nishalipa miezi sita, vyumba viwili na choo ndani, hiyo siihesabu humu.

Kwa hiyo naomba unisikilize ninavyoweza. Mahari sitaki kuishusha. Hiyo ni haki yake mwenyewe na Mungu kaitaja kwenye Suratun Nisaa, nikianza kupunguza hapo nitakuwa nimempunguzia yeye. Naomba tu igawike: milioni 2 na nusu taslimu siku ya nikahi, na milioni 1 na nusu iwe muakhari, iandikwe kwenye cheti cha ndoa kabisa mbele ya mashahidi kuwa ni deni langu kwake, na nianze kumlipa kidogo kidogo mwaka huo huo. Haya nyinyi mnayajua kuliko mie, nayasema ili ujue nimeyafikiria.

Mkaja wa mama na kilemba cha mjomba nitatoa kama ilivyoandikwa, laki 5 vyote, hapo sina neno hata moja. Mama kamlea na mjomba kamsomesha. Begi nitaweka laki 7, na hapa ningeomba shangazi yake afatane na dada yangu mkubwa wakanunue pamoja Darajani, maana wanajua kanga na mabaibui gani anapenda, mie nitakosea.

Fanicha naomba tuanze na kitanda, godoro na kabati. Nimeshazungumza na fundi seremala, kitanda cha mninga sita kwa sita, nimekwenda nikazigonga mbao mwenyewe nikaona zimekauka vizuri, na pamoja na godoro na kabati kanipigia milioni 1 na nusu. Friji baba usiwe na wasiwasi nayo, hiyo ndo kazi yangu, siku anaingia nyumbani atakuta friji inagandisha. Sofa na tivi na dresing tebo nitavitia baadae, kimoja kimoja.

Dhahabu ndo imenishinda na nakiri hivyo. Kila nikienda kwa sonara bei imepanda kuliko safari iliyopita, na nikisema niinunue sasa basi itabidi nikope. Wako walionishauri nichukue mkopo wa haraka, ile ya kausha damu, pesa unapewa siku hiyo hiyo. Nimekataa baba. Ile ni riba, na pili yake mkopo ule atakaekuja kuulipa ni Zuwena, atakuwa anapika kwa kubania mafuta kwa sababu mie kila mwisho wa wiki napeleka pesa kwa watu, na seti yenyewe ya harusi ndo itakuwa ya kwanza kupelekwa kuuzwa. Mzee wangu nae kaniambia yuko tayari akodishe mikarafuu yake kwa mtu karafuu ikiwa bado mtini, apate pesa sasa. Nimemuomba asifanye. Mikarafuu haizai kila mwaka sawa, na mwaka huu ndo imebeba, wadogo zangu wawili wako skuli na wanaisubiri hiyo karafuu, sitaki kuoa kwa pesa yao.

Ukumbi naomba mnisamehe. Ombi langu nikahi iwe msikitini baada ya Alasiri na chakula kiwe nyumbani, mie nitaleta laki 8 ya walima, na mama zangu na dada zangu watavuka na boti kutoka Pemba siku mbili kabla waje kusaidia kupika. Hapo jumla inakuwa milioni 6. Laki tatu inayobaki nataka iwe ya ndani, mchele, unga, gesi, asiingie nyumba tupu.

Baba kama kuna kitu humu unaona kinaivunjia heshima familia niambie, au mwambie Ami, tutakaa tena. Labda kuna ahadi mmeshaitoa kwa jamaa kuhusu ukumbi, au mama kuna kitu alikiweka moyoni tangu Zuwena mdogo, mie sijui hayo na nisingependa niyapite tu. Tukiwa tunahitaji muda, niko tayari tusogeze harusi mpaka baada ya msimu wa wageni wa Disemba nikusanye zaidi. Jengine naomba sana Zuwena mwenyewe aulizwe, tena aulizwe na mama wakiwa wawili. Mie sijamgusia mambo ya hesabu kwa simu, sikutaka aje kwenu akiwa kama wakili wangu.

Na ikiwa jibu ni kuwa haiwezekani, sitokuwa na kinyongo na nyinyi hata siku moja, salamu zangu zitabaki zile zile na friji yenu ikiharibika nitakuja.

Ami atakuja Ijumaa hii baada ya sala, kama hamna udhuru. Akija na tende na halwa msimrudishe nazo, ni mama yangu kazileta kutoka Wete kwa ajili yenu.

Nisalimie mama, mjomba na bibi.

Wassalaam,
Mwanao Khamis