Karibu Rehema: tiketi zako tatu za kwanza na utaratibu wetu

Habari za asubuhi dada Rehema,

Karibu sana. Ruhusa ya GitHub nilishakufungulia jana jioni. Ubao wa kazi ukigoma kufunguka, nishtue mapema.

Nimekuwekea tiketi tatu zenye lebo `good first issue`. Anza na #212. Kwenye meseji za wafugaji, neno ng'ombe liliingizwa na ritifaa iliyopinda (’) badala ya iliyonyooka ('). Ile iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za SMS, kwa hiyo ikitokea hata mara moja, meseji nzima inashuka kutoka nafasi ya herufi 160 hadi 70. Meseji ya herufi 120 inakuwa mbili, na tunalipia mbili, kila siku, kwa kila mfugaji. Badilisha ritifaa hizo kwenye `messages_sw.json`, kisha ongeza jaribio litakaloikamata ikirudi.

#215 ni fupi: fomu ya usajili inakataa namba zinazoanza na 07 na kudai +255. Ipokee zote mbili.

#219 inahusu saa. Seva inatunza muda wa UTC, nasi tuko saa tatu mbele, hivyo maziwa yaliyopimwa saa 1 asubuhi yanasomeka yamepimwa saa 10 alfajiri. Rekebisha mahali pa kuonyesha tu, hifadhidata usiiguse.

Kabla hujagusa chochote, jiweke kwenye `Assignees`. Mwezi uliopita wawili wetu walitengeneza ripoti ileile siku mbili bila kujuana, na kazi ya mmoja ikatupwa. Iliniuma, maana ilikuwa kazi nzuri.

Tawi lianze na namba ya tiketi:

```
git switch -c 212-ritifaa
```

Kwenye maelezo ya ombi la kuunganisha andika `Closes #212`. Likiingia `main`, tiketi inajifunga yenyewe. Ukiwa umemaliza sehemu tu, andika `Refs #212` ibaki wazi.

Ukifungua tiketi mpya, kichwa kiseme kilichoonekana. "SMS mbovu" hakimsaidii mtu. "Meseji ya ng'ombe inafika vipande viwili" kinatosha kuanzia kazi. Ndani eleza ulifanya nini, uliona nini, ulitarajia nini, na simu ilikuwa aina gani. Fikiria anayesoma ni mwenzako aliyekuwa likizo wiki nzima. Lebo ya `blocked` iambatane na maoni yanayomtaja unayemsubiri. Na tiketi ya mwenzako usiifunge bila kuandika sababu.

Kaka Baraka ndiye atakayekagua #212. Maswali yaulize ndani ya tiketi yenyewe, hata yale unayoona madogo, ili atakayekuja baada yako ayakute na majibu yake.

Kesho saa 4 asubuhi tukae pamoja tuifungue #212.

Zuhura