Zoezi la upimaji ardhi: kanuni ya sini na kanuni ya kosini

Katika kila pembetatu, herufi ndogo ni urefu wa upande unaokabili pembe ya herufi kubwa inayolingana nayo. Majibu ya urefu yatolewe kwa desimali moja ya mita.

Swali la 1. Bwawa limezuia kupima moja kwa moja kutoka bikoni A hadi bikoni B. Mpimaji amesimama C, akapata CA = 240 m, CB = 310 m na pembe ACB = 68°. Tafuta AB.

Jibu. Pande mbili na pembe iliyo kati yao zinajulikana, kwa hiyo tunatumia kosini:
AB² = 240² + 310² − 2(240)(310)cos 68° ≈ 97 959
AB ≈ 313.0 m.

Swali la 2. P na Q ziko kwenye ukingo ulionyooka wa mto, umbali wa 150 m. Mti R umo kwenye ukingo wa pili. Thiodolaiti imesoma pembe P = 62° na Q = 71°. Tafuta upana wa mto.

Jibu. R = 180° − 62° − 71° = 47°.
PR = 150 sin 71° / sin 47° ≈ 193.9 m
Upana ni kimo kutoka R hadi PQ, wala si PR yenyewe: PR sin 62° ≈ 171.2 m.

Swali la 3. Daftari la zamani la kiwanja ABC lina vipimo vitatu tu: AB = 200 m, BC = 130 m na pembe A = 35°. Tafuta AC na eneo.

Jibu. sin C = 200 sin 35° / 130 ≈ 0.8824
Kikokotoo kitatoa 61.9° peke yake, na hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu pembe butu 180° − 61.9° = 118.1° ina sini ileile, na ikijumlishwa na 35° bado haifiki 180°. Kimo kutoka B hadi mstari wa AC ni 200 sin 35° ≈ 114.7 m. Kwa kuwa BC ni ndefu kuliko kimo hicho lakini fupi kuliko AB, tao la nusukipenyo 130 m lenye kitovu B linaukata mstari huo mara mbili:

C ≈ 61.9°, B ≈ 83.1°, AC ≈ 225.0 m, eneo ≈ 12 905 m²
C ≈ 118.1°, B ≈ 26.9°, AC ≈ 102.7 m, eneo ≈ 5 889 m²

Kiwanja cha kwanza ni zaidi ya mara mbili ya cha pili, ilhali daftari ni lilelile. Hesabu haiwezi kuchagua. Mpimaji arudi uwandani asome pembe C, hata kwa dira ya mkononi, kwani tofauti ya nyuzi 56 haifichiki.

Swali la 4. Katika swali la 3, mpimaji amerudi na AC = 102.7 m. Hakiki pembe C bila kutumia sini.

Jibu. cos C = (130² + 102.7² − 200²) / (2 × 130 × 102.7) ≈ −0.470
Kosini ni hasi, hivyo pembe ni butu: C ≈ 118.0°, inayolingana na 118.1° ya swali la 3, kwani AC imekadiriwa kwa desimali moja.