NANGANI

Filamu ya kubuni, takribani dakika 100

Hadithi kwa sentensi moja

Afisa wa kwanza wa meli ya mizigo iliyotelekezwa anatia saini karatasi ya mahakama ili nahodha wake mgonjwa aruhusiwe kushuka pwani, na kwa saini hiyo anageuka mfungwa wa chombo kisicho na umeme wala mwenyewe, hadi usiku wa dhoruba unapomlazimisha kuchagua kati ya kuiacha meli ipande mwamba ili awe huru na kuiokoa ili aendelee kufungwa.

Muhtasari

Meli Saburi imetia nanga nje ya bandari, karibu na nchi kavu kiasi kwamba usiku taa za magari zinaonekana zikipita. Mwenye meli ameacha kulipa mishahara, kisha mafuta, kisha hata kupokea simu. Mahakama imeizuia meli kwa sababu ya madeni. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 ulirekebishwa, na tangu 2017 unamtaka mwenye meli awe na dhamana ya kuwarudisha makwao mabaharia waliotelekezwa. Bima ya Saburi, hata hivyo, ilikwisha muda bila mtu kuambiwa.

Nahodha anapougua, wakuu wa bandari wanakataa kumshusha mpaka apatikane mlinzi wa kisheria wa meli. Zuhura, afisa wa kwanza mwenye miaka 34, anatia saini bila kusoma ukurasa wa pili, akidhani ni jambo la siku chache. Mabaharia wengine wanaondoka mmoja mmoja kwa msaada wa chama chao. Anabaki yeye na Chifu Sudi, fundi mkuu wa injini, ambaye ana ruhusa ya kuondoka lakini hataki, kwa kuwa anaamini kwamba atakayeshuka atakuwa ameuacha na mshahara wake wa miezi 14.

Sehemu ya kati ni ya watu hawa wawili, na hapo ndipo moyo wa filamu ulipo. Jenereta imezimika, chakula kinaoza, na maji ya kunywa yanaletwa na wavuvi wa ufuo wa jirani, ambao hawadai chochote. Sudi hushuka kila asubuhi kuipaka grisi injini isiyowaka. Zuhura anaandika kitabu cha zamu ambacho hakuna atakayekikagua. Wanagombana kwa mambo madogo kwa sababu yale makubwa hayana wa kugombana naye. Kisha wakala wa mwenye meli anakuja kwa boti na pendekezo: Zuhura athibitishe kwa saini kwamba mabaharia wote wamelipwa, naye atatafutiwa mbadala. Harudishi jibu, lakini karatasi anaihifadhi. Sudi anapoikuta chini ya godoro la Zuhura, anahamia chumba cha injini na kuacha kusema naye.

Dhoruba inakuja wakiwa hawasemeshani. Nanga inaanza kuburuta na meli inasogea kuelekea mwamba ulio mbele ya ufuo wa wavuvi. Zuhura anajua kwamba meli ikikwama ataweza kushuka, na ulinzi wake huenda ukaisha. Anajua pia kwamba matangi yana mafuta mazito yatakayoua ufuo ule. Nanga ya pili inaweza kuangushwa bila umeme kwa kufungua breki yake, lakini breki imeshikwa na kutu. Anamwita Sudi kwa jina. Wanaigonga kwa nyundo gizani, kwa zamu, mpaka mnyororo unapoachia, na Saburi inashika umbali mfupi kutoka kwenye mwamba.

Kinachomfungua Zuhura hatimaye si huruma. Hofu ya mafuta kumwagika inawafanya wakuu wa bandari waishinikize mahakama iamuru mnada, na mishahara ya mabaharia inalipwa kabla ya wadai wengine. Siku ya makabidhiano, afisa kijana wa mnunuzi anapanda na kupewa karatasi za kusaini. Boti inamsubiri Zuhura, wakala anamhimiza, naye anavuta kiti, anaketi kando ya kijana yule na kufungua ukurasa wa pili.

Kuhusu utengenezaji

Hadithi karibu yote inatendeka ndani ya meli moja, na waigizaji wakuu ni wawili, kwa hiyo inaweza kupigwa kwenye meli kuukuu iliyofungwa gatini, huku mandhari ya bahari ikichukuliwa kwa siku chache tu. Dhoruba nimeiandika ionekane kutoka penye breki ya nanga, kwa mwanga wa tochi, kwa kuwa hofu ya watu wale iko mikononi mwao kuliko kwenye mawimbi. Mwenye meli haonekani hata mara moja, na ningeomba libaki hivyo. Rasimu ya pili ya mswada, yenye kurasa 98, iko tayari kusomwa.